Siropu ile ile, kijiko kile kile, miligramu tofauti

*Swali: Mama mdogo wangu yuko Mpondwe, Kasese, na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu ana homa. Ana chupa ya siropu ya parasetamoli iliyotoka upande wa Kasindi huko Kongo, lakini lebo imelowa na kuchubuka. Nilikwenda duka la dawa hapa Kampala nikaulize ampe vijiko vingapi, muuzaji akakataa kujibu mpaka aone chupa. Parasetamoli si ni parasetamoli tu? Mbona mnaogopa kutaja kipimo?*

Ndugu yangu, nianze na mtoto, kwa sababu hoja ya chupa inaweza kusubiri na mtoto hawezi. Ikiwa ameshikwa na degedege, ikiwa hanyonyi wala hanywi kitu, ikiwa anatapika kila anachopewa, au ikiwa amelegea na haamki vizuri anapoitwa, mama mdogo wako aache habari ya siropu kabisa na ampeleke kituo cha afya sasa hivi, awe na chupa au asiwe nayo. Hata kama hana dalili hizo, homa ya mtoto wa umri huo katika bonde la Kasese inatakiwa kupimwa malaria kwa kutobolewa kidole ndani ya saa 24, maana parasetamoli hushusha joto la mwili na haiui kimelea hata kimoja. Baada ya kusema hayo, nakuja kwenye swali lako, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu muuzaji yule alikuwa na haki, ingawa naona alikosea jambo moja ambalo nitalieleza mbele.

Dawa hupimwa kwa uzito wake, yaani miligramu, lakini siropu hutolewa kwa ujazo, yaani mililita au kijiko. Kinachounganisha vipimo hivyo viwili ni ukolezi, na ukolezi hauonekani kwa macho, haunusiki na hauonjeki. Umeandikwa mahali pamoja tu, nao ni pale kwenye lebo iliyochubuka. Mtu akikwambia ana siropu ya parasetamoli amekutajia jina la dawa, na bado hajakwambia ni kiasi gani cha dawa hiyo kimo ndani ya kijiko. Ni kama mtu aliyekwambia ana mfuko wa maji ya chumvi kisha akakuuliza chakula kitakuwa na chumvi kiasi gani akimimina maji ya mfuko huo kwenye sufuria, bila kukueleza aliyeyusha chumvi kiasi gani katika maji kiasi gani.

Tuchukue mtoto mwenye kilo 10, kwa sababu watoto wengi wa miezi 18 wanakuwa karibu na hapo. Dozi moja ya parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtoto huyu anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, na asirudie kabla ya saa 4 hadi 6 kupita, wala asipewe zaidi ya mara nne kwa siku nzima. Hesabu hiyo haina ubishi. Ubishi unaanza tunapotaka kuigeuza iwe mililita, maana katika maduka ya dawa ya ukanda wetu zinapatikana siropu za parasetamoli zisizolingana hata kidogo. Iliyo ya kawaida zaidi ina miligramu 120 ndani ya mililita 5, na nyingine zina 125. Ipo iliyokusudiwa watoto wakubwa, ambayo ina miligramu 250 ndani ya mililita hizo hizo 5. Yapo pia matone ya watoto wachanga, yanayokuja katika chupa ndogo yenye bomba dogo la mpira la kudondoshea, na hayo mengine yana miligramu 100 ndani ya mililita moja tu.

Sasa mpe mtoto wetu wa kilo 10 kijiko kimoja cha kupimia, yaani mililita 5, kutoka kila chupa. Katika chupa ya kwanza amepata miligramu 120, na hiyo ni dozi nzuri. Katika chupa ya watoto wakubwa amepata miligramu 250, ambazo ni 25 kwa kila kilo. Mara moja haitamdhuru, lakini akipewa mara nne kwa siku anafikisha miligramu 1,000 wakati kiwango cha siku kwa mtoto wa kilo zake ni kama 600, na homa ikichukua siku tatu au nne, mzigo huo unajilimbikiza. Katika chupa ya matone amepata miligramu 500 kwa mkupuo mmoja, dozi nzima ya kidonge cha mtu mzima, na akipewa mara nne ni miligramu 200 kwa kila kilo ndani ya siku moja, kiwango ambacho hospitali yoyote ingekihesabu kuwa ni sumu. Jina la dawa halikubadilika hata mara moja katika mifano hiyo, wala kijiko hakikubadilika, wala mtoto.

Hapo ndipo maneno yako, kwamba parasetamoli ni parasetamoli tu, yanapoishia. Usidhani ni watu wa kwetu peke yao wanaochanganywa na jambo hili. Nchini Marekani kulikuwa na matone ya watoto wachanga yenye ukolezi zaidi ya mara tatu ya siropu ya watoto wakubwa kidogo, na wazazi wanaojua kusoma, wenye lebo safi mkononi, walikuwa wakichanganya moja na nyingine. Mwaka 2011 watengenezaji waliamua kuyaondoa matone hayo makali na kubaki na ukolezi mmoja, miligramu 160 katika mililita 5, kwa watoto wote. Kama waliokuwa wanaona lebo walikosea, yule ambaye haioni hata kidogo ana nafasi gani?

Chupa yenu ina tatizo lake la ziada kwa sababu imevuka mpaka. Dawa zinazotoka upande wa Kongo mara nyingi zina maandishi ya Kifaransa, na katika desturi hiyo ukolezi huandikwa mara nyingine kwa asilimia. Siropu ya asilimia 2.4 ina miligramu 24 katika kila mililita, na hiyo ni sawasawa na ile ya 120 kwa mililita 5. Ya asilimia 3 ina miligramu 30 katika kila mililita, kwa hiyo kijiko kinatoa miligramu 150. Tofauti hiyo si kubwa. Kikubwa ni bomba la kupimia linalokuja na chupa hizo. Baadhi ya mabomba hayo hayakuchorwa mililita. Yamechorwa kilo za mtoto, ili mzazi avute dawa mpaka kwenye namba ya uzito wa mtoto wake bila kupiga hesabu. Ni ubunifu mzuri mno, ilimradi bomba libaki na chupa yake. Kwenye bomba la siropu ya asilimia 2.4, mstari wa kilo 10 unabeba mililita 6 na robo, ambazo ni miligramu 150. Lakini nyumba yenye watoto haiwi na bomba moja, na mabomba huoshwa pamoja na kuwekwa pamoja katika kikombe kimoja. Ukimwambia mama mdogo wako kwa simu, «vuta mpaka kumi», yeye atavuta mpaka kumi, na wewe hutajua kama ni mililita kumi au kilo kumi, wala kama bomba ni la chupa ile.

Na kama hana bomba, ana kijiko cha chai. Nenda jikoni kwako uvikusanye vijiko vyote vinavyoitwa vya chai, kisha uvijaze maji na kuyapima kwa bomba la sindano. Utakuta kimoja kinabeba chini ya mililita 3 na kingine kinapita 7. Kwa hiyo anayejibu «kijiko kimoja» kwa chupa asiyoiona amebahatisha mara mbili kwa neno moja, yaani ukolezi wa dawa na ukubwa wa kijiko, na makosa hayo yakielekea upande mmoja yanazidishana.

Nayasema haya nikiwa nimeyafanya. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikihudumu katika duka moja la dawa, na jioni moja, foleni ikiwa ndefu, mama mmoja aliyenunua dawa kwingine alinipigia simu akaniuliza ampe mwanawe parasetamoli ya maji kiasi gani. Nilimuuliza umri, nikamwambia kijiko kimoja cha mililita 5, arudie baada ya saa 6. Niliona nimesaidia, na kwa kweli nilikuwa nimeshajibu hivyo mara nyingi bila tatizo, kwa sababu siropu ya kawaida ilikuwa imenijaa kichwani kiasi kwamba nikisikia neno siropu naiona hiyo tu. Usiku alipiga tena. Hakulalamika kwamba mtoto ana shida. Aliuliza mahali pa kununua chupa nyingine, kwa sababu ile ilikuwa karibu kwisha.

Chupa ya kawaida hubeba mililita 60 au 100. Haiwezi kukaribia kwisha kwa vijiko viwili. Nilimwomba anisomee kila namba iliyoandikwa kwenye chupa, pole pole, akanisomea 15 ml, na juu kidogo 100 mg, 1 ml. Yalikuwa matone. Mtoto alikuwa na kilo 8, na katika muda wa saa 6 alikuwa amepata miligramu 1,000, ambazo ni 125 kwa kila kilo, badala ya kama 100 kwa kila dozi. Walikwenda hospitali usiku huo huo, mtoto akapimwa damu na kulazwa siku mbili akiangaliwa, na alitoka mzima. Alitoka mzima kwa sababu chupa ilikuwa ndogo. Ingekuwa na mililita 60, mama yule asingenipigia mpaka kesho yake, na tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Ishara hiyo, chupa kuisha upesi kuliko inavyotakiwa, ndiyo karibu ishara pekee ambayo kosa la namna hii hutoa mapema, na inafaa nieleze kwa nini nyingine hazipo. Parasetamoli inapoingia mwilini, sehemu kubwa hufungwa na ini na kutolewa kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hugeuzwa kuwa kitu chenye sumu, na ini lina akiba ya kemikali ya kukizima, iitwayo glutathioni. Dozi ikiwa sahihi, akiba inatosha na kubaki. Dozi ikizidi mno, au ikizidi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, akiba inakwisha na ile sumu inaanza kuua chembe za ini lenyewe. Akiba hiyo hutegemea chakula. Mtoto mwenye homa ambaye hajala siku mbili ana akiba pungufu, na bahati mbaya huyo ndiye anayepewa parasetamoli mara nyingi zaidi, kwa hiyo kosa linampata akiwa na kinga ndogo.

Sumu hiyo haina haraka ya kujitangaza. Katika siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo, au kukosa hamu ya kula, au asionyeshe kitu chochote, na joto lake likiwa limeshuka vizuri mzazi anaamini dawa imemfaa. Siku ya pili au ya tatu ndipo yanapokuja maumivu chini ya mbavu za kulia, kisha macho kuwa ya manjano, kisha kuchanganyikiwa na usingizi usio wa kawaida. Jiulize, katika kijiji cha Kasese mtoto aliyekuwa na homa, akaanza kutapika, akawa na macho ya manjano na kulegea, watu watasema ana nini? Watasema malaria imempanda, na wengine watamwongezea dawa ile ile ya homa. Kiuasumu kipo, kinaitwa asetilisisteini, nacho huijaza upya ile akiba ya ini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi kikitolewa ndani ya saa 8 tangu dawa ilipozidi, yaani katika kipindi ambacho hakuna mtu anayeona tatizo. Kwa hiyo aliyebahatisha kwa simu hapati habari ya kosa lake wakati linapoweza kurekebishwa. Nadhani hii ndiyo sababu kubisha kwa uzoefu, «mimi nimewaambia watu wengi na hakuna aliyedhurika», hakuna uzito: aliyedhurika hakurudi kukuambia, na pengine hata yeye hakujua ni nini kilichomdhuru.

Wapo wanaokiri hayo yote kisha wakasema, basi tutaje kipimo kidogo ili tuwe upande salama. Nami niliwahi kuliona hilo kuwa busara. Tuseme nimemwambia ampe mililita moja, kwa kuogopa kwamba huenda ni matone. Ikiwa ni siropu ya kawaida, mtoto wa kilo 10 amepata miligramu 24, robo ya dozi ndogo kabisa, na homa haitashuka hata kidogo. Baada ya saa moja mama anaona dawa haikusaidia, naye hana namna ya kujua kwamba kosa ni la kipimo, kwa hiyo anaongeza mwenyewe, au anachanganya na dawa nyingine ya homa iliyoko kabatini, ambayo huenda nayo ina parasetamoli ndani yake kama zilivyo dawa nyingi za mafua. Kipimo kidogo cha kubahatisha kinamfundisha mzazi kutokuamini kipimo, naye akishafika hapo anaanza kupima kwa mkono wake. Mbaya zaidi ni pale joto linaposhuka kidogo kwa sababu zake lenyewe, akasema mtoto amepona, na safari ya kwenda kupimwa malaria ikaahirishwa.

Nimezungumza kana kwamba tuna hakika chupa ile ni parasetamoli. Hakika hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye kumbukumbu ya mtu, kwa sababu lebo haipo. Siropu nyekundu yenye harufu ya stroberi inaweza kuwa parasetamoli, au ibuprofeni, ambayo dozi yake ni tofauti, au dawa ya mafua inayoleta usingizi. Rangi na harufu vinachaguliwa na kiwanda ili mtoto akubali kumeza, na havielezi kilichomo. Kwenye lebo ile ile ndipo ilipo tarehe ya kuharibika na namba ya toleo la kiwandani, ambayo Mamlaka ya Taifa ya Dawa huitumia inapoagiza dawa fulani irudishwe. Chupa isiyo na lebo imepoteza vyote hivyo kwa pamoja, na haiwezi kurudishiwa hata kimoja na mtu aliye kwenye simu Kampala, awe na elimu kiasi gani.

Vidonge havina kinga dhidi ya jambo hili pia. Chukua dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini, ambayo mtoto huyu huenda akapewa kipimo kikionyesha malaria. Kidonge cha kawaida kinaandikwa 20/120, na mtoto mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kimoja kwa mara moja, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Mtu mzima mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vinne vya namna hiyo kwa mara moja. Lakini kipo pia kidonge cha 80/480, ambacho kimoja chake ni sawa na vinne vya kwanza, kimetengenezwa ili mtu mzima asihangaike kumeza vingi. Jirani akimpa mama vidonge vilivyobaki vya mumewe, vikiwa vimefungwa katika karatasi, kisha akauliza kwa simu mtoto ameze vingapi, atakayejibu «kimoja» atakuwa sahihi kabisa kwa kidonge alichonacho kichwani, na huenda akawa amempa mtoto dozi ya baba yake.

Sasa nirudi kwa muuzaji. Alifanya vema kukataa kutaja namba, lakini kama alikataa na kukuacha uondoke bila kukuuliza kitu, alikuacha na tatizo lile lile pamoja na hasira juu yake. Kwetu Uganda yeyote anayeshika dawa huitwa musawo, na watu humtarajia musawo ajue. Akisema sijui, wanadhani amewanyima. Angepaswa kugeuza swali. Mtu akinipigia leo sitaji kipimo, ila namwambia anisomee chupa: jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kisha namba iliyo kabla ya mg na ile iliyo kabla ya ml, zote mbili, kwa sababu anayesoma 120 peke yake hajanisomea kitu. Kama ni Kifaransa, anisomee namba iliyo mbele ya alama ya asilimia. Bora zaidi anipige picha ya lebo pande zote na ya kile anachopimia, kwa sababu sauti huchanganya kumi na tano na hamsini pale mtandao unapokatika. Kisha namuuliza uzito wa mtoto, si umri, maana watoto wa miezi 18 wapo wa kilo 8 na wapo wa kilo 12. Kadi ya kliniki itakuwa na uzito wa mara ya mwisho alipopimwa. Mwisho namuuliza ni dawa gani nyingine mtoto amepewa tangu jana, na saa ngapi. Maswali hayo huchukua dakika tatu, na yakishajibiwa ninataja mililita bila woga wowote. Ninachokataa ni kuanza na mililita.

Kwa chupa ya mama mdogo wako, maswali hayo hayawezi kujibiwa, kwa hiyo ushauri wangu ni aiache. Asijaribu kuikisia kwa kuionja wala kwa kulinganisha na chupa ya jirani. Kukosa parasetamoli kwa saa mbili hakutamuua mtoto. Dawa hii hutolewa ili apate nafuu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto chini ya miaka mitano huanza kuitoa joto linapofika nyuzi 38.5. Katika muda huo ampunguzie nguo, amnyonyeshe au ampe maji mara kwa mara, na aanze safari ya kwenda kupima malaria. Huko atapewa dawa ya homa mbele ya mtu anayeiona. Akitaka kununua mwenyewe, achukue chupa mpya iliyofungwa, au vidonge vikiwa ndani ya karatasi yake ya kiwandani yenye maandishi 500 mg, kwa sababu mwongozo ule ule unampa mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 14 robo ya kidonge cha namna hiyo, kilichosagwa, kila baada ya saa 6 mpaka homa ishuke. Lakini anisomee kwanza hiyo 500, kwa kuwa vipo vidonge vya parasetamoli vya 650 vinavyofanana navyo sana.

Na kama ameshampa kitu kutoka chupa ile kabla hamjazungumza, usimgombeze, maana akiogopa atakuficha. Muulize ni vijiko vingapi, vya ukubwa gani, na saa ngapi, kisha aende na chupa yenyewe na kijiko chenyewe kituoni leo, asisubiri dalili. Mhudumu anaweza kuona mabaki ya maandishi ambayo yeye hakuyaona, hasa chini ya chupa au kwenye kifuniko, na ukubwa wa chupa peke yake huondoa dhana fulani.

Utaniuliza lebo yenyewe ilichubukaje, nami karibu naweza kukuambia bila kuiona, ingawa nimetoka kukuonya dhidi ya tabia hiyo. Watu wengi humimina siropu lebo ikiwa imeelekea chini, dawa inachuruzika juu ya maandishi, sukari inanata, chupa inaoshwa au inafutwa kwa kitambaa kilicholowa, na baada ya wiki mbili karatasi imekwisha. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kushika chupa lebo ikiwa ndani ya kiganja, ili tone lolote lishuke upande usio na maandishi. Mwambie mama mdogo wako ashike chupa mpya namna hiyo, na kabla hajaifungua azungushie selotepu angavu juu ya lebo, kisha aandike pembeni kwa kalamu tarehe aliyoifungua.